Bei Ipo, Sukari Haipo

Chukua swali la aina ambayo walimu wa maarifa ya jamii hupenda kutunga: (a) Serikali imeagiza kilo ya sukari isiuzwe zaidi ya shilingi 1,800. Kwa kutumia mifano ya sokoni, eleza nini kitatokea. (b) Je, itakuwaje ikiwa serikali itaagiza bei ya zao fulani isishuke chini ya kiwango ilichopanga? (c) Ishauri serikali.

Swali kama hili huzaa majibu mabovu ya aina mbili. La kwanza ni la matumaini: bei itashuka, basi kila mwananchi atapata sukari. La pili ni la mwanafunzi aliyekariri daftari bila kwenda sokoni: bei ikishuka mahitaji hupanda, mahitaji yakipanda bei hupanda, bei ikipanda mahitaji hushuka, na bei inashuka tena. Anazunguka hivyo mpaka kengele inalia. Jibu la kwanza linasahau kwamba sukari lazima itoke mahali fulani. La pili linachanganya mambo mawili tofauti, na huko ndiko alama nyingi hupotelea.

Fungu la nyanya

Tuanze na meza ya muuza nyanya, kwa sababu pale mambo yote mawili yanaonekana kwa macho. Mahitaji ni kiasi cha bidhaa ambacho watu wako tayari kununua, na wana fedha ya kukinunulia, kwa bei fulani. Kutamani tu hakuhesabiki. Mtoto anayetamani soda bila kuwa na senti mfukoni hayumo katika mahitaji ya soda. Ugavi nao ni kiasi ambacho wauzaji wako tayari kukileta sokoni kwa bei fulani.

Mvua za masika zikikolea, nyanya shambani hushambuliwa na ukungu, na barabara za vijijini huharibika. Matenga yanayofika sokoni hupungua. Muuzaji mzoefu huwa habadilishi bei ya fungu: lilikuwa la shilingi 500, litabaki la shilingi 500. Kinachobadilika ni fungu lenyewe. Lilikuwa na nyanya tano, sasa lina tatu. Nyanya iliyokuwa shilingi 100 imefika karibu shilingi 167, ingawa mnunuzi asiyehesabu anaweza kudhani bei haijapanda.

Hapo mambo mawili yametokea, na mwanafunzi mzuri huyatenganisha. Mvua imepunguza ugavi wenyewe: hata kwa bei ileile ya jana, leo nyanya zinazokuja ni chache. Kwenye mchoro, mstari mzima wa ugavi umehama. Wanunuzi, kwa upande wao, hawajabadilika. Wanapenda nyanya kama jana na mishahara yao ni ileile. Ila kwa kuwa bei imepanda, mama ntilie anapunguza nyanya kwenye mchuzi na kuongeza ya kopo, na mwenye familia ananunua fungu moja badala ya mawili. Mstari wa mahitaji haukuhama. Watu wamesogea tu juu yake. Mwanafunzi anayezunguka na daftari lake anakosea hapo. Mabadiliko ya bei peke yake hayahamishi mstari wa mahitaji. Huusogeza mguu wa mnunuzi kutoka nukta moja hadi nyingine, na safari inaishia pale kiasi kinachotafutwa kinapolingana na kiasi kilicholetwa. Bei ya mahali hapo huitwa bei ya msawazo.

Masika ya mwaka 2016

Namba ya 1,800 katika swali haikuokotwa. Mwaka 2016 mahitaji ya sukari ya Tanzania yalikadiriwa kuwa karibu tani 420,000 kwa mwaka. Viwanda vikubwa vya ndani, vikiwemo Kilombero, Mtibwa, Kagera na TPC ya Moshi, vilikuwa vikizalisha kama tani 320,000. Pengo la tani 100,000 lilikuwa likizibwa na sukari kutoka nje.

Mwezi Februari mwaka huo Rais John Magufuli alizuia sukari kuingizwa bila kibali maalumu. Nia ilikuwa kulinda viwanda vya ndani, ambavyo vililalamika kwa miaka mingi kwamba sukari ya nje, mara nyingine ikiingia kwa njia za panya, iliwaharibia soko. Lakini tarehe za kilimo hazikusaidia. Miwa hukatwa wakati wa kiangazi. Mvua kubwa zinapoanza, kwenye Machi hivi, mashamba hujaa matope, trekta haziingii, na miwa iliyonyeshewa hupungua utamu. Viwanda husimamisha usagaji kwa wiki kadhaa na kutumia muda huo kukarabati mitambo. Kwa kawaida kipindi hicho nchi huishi kwa akiba ya msimu uliopita pamoja na sukari ya kuagiza. Mwaka huo akiba ilikuwa ndogo na ya kuagiza ilikuwa imezuiwa.

Bei ikapanda. Kilo iliyozoeleka kuuzwa karibu shilingi 1,800 hadi 2,000 ikaenda 2,500, na sehemu nyingi ikapita 3,000. Aprili, Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi: rejareja isizidi shilingi 1,800 nchi nzima. Siku zilizofuata sukari ilizidi kuadimika. Mwenye duka aliyekuwa ameichukua kwa jumla kwa zaidi ya 1,800 alikuwa na njia tatu: kuuza kwa hasara, kuuza kinyume cha agizo, au kusema imekwisha.

Hesabu ya mtaa mmoja

Ili kuona kwa nini ilitokea hivyo, mwanafunzi atengeneze jedwali dogo. Namba za hapa chini ni za mfano tu, za mtaa mmoja wa kufikirika wakati ugavi umepungua, lakini mwendo wake ni ule wa sokoni.

| Bei ya kilo (Sh) | Kilo zinazotafutwa kwa siku | Kilo zinazoletwa kwa siku |
|---|---|---|
| 1,800 | 500 | 260 |
| 2,200 | 440 | 320 |
| 2,600 | 380 | 380 |
| 3,000 | 320 | 440 |
| 3,400 | 260 | 500 |

Bei ya msawazo ni shilingi 2,600. Wanaotaka kilo 380 wanakutana na wenye kilo 380. Ni ghali, na kuna familia zimeacha chai ya sukari, lakini anayefika na 2,600 yake anaondoka na kilo.

Sasa lije agizo la 1,800. Tazama mstari wa juu kabisa. Kwa bei hiyo watu wanatafuta kilo 500, kwa sababu hata waliokuwa wameacha wamerudi, na wenye uwezo wanataka kuweka akiba. Upande wa pili zinaletwa kilo 260 tu. Msambazaji ambaye gharama ya kufikisha sukari mtaani inazidi 1,800 hana sababu ya kuwasha lori. Upungufu ni 500 kutoa 260, yaani kilo 240 kila siku.

Wengi wakishaandika 240 huweka kalamu chini. Lakini jedwali lina swali jingine la kujibu. Kilo 260 zilizobaki zina thamani gani kwa wanaozitafuta? Shuka mpaka mstari wa mwisho: watu wanaotaka kilo 260 wako tayari kulipa shilingi 3,400. Hiyo ndiyo bei ambayo mlanguzi anaweza kuitoza nyuma ya duka. Agizo lililokusudiwa kushusha bei chini ya 2,600 limezaa bei ya uficho ya 3,400, kwa sababu limepunguza kile kinachofika sokoni. Na ile tofauti ya shilingi 1,600 kati ya bei ya serikali na bei ya uficho haiendi kwa mkulima wa miwa wala kiwandani. Inabaki kwa yeyote aliyebahatika kushika sukari kwa bei ya agizo.

Kuna sharti moja la kulitaja, na wasahihishaji hulitafuta. Agizo la bei ya juu kabisa huleta upungufu pale tu linapowekwa chini ya bei ya msawazo. Serikali ikisema sukari isizidi 3,000 wakati msawazo ni 2,600, hakuna kitakachobadilika siku hiyo. Mwanafunzi anayechora mstari wa agizo juu ya makutano kisha akaandika kuwa kuna upungufu amejipinga mwenyewe.

Foleni, kujuana na majani ya chai

Bei inapozuiwa kugawa bidhaa, kitu kingine lazima kiigawe, kwa sababu kilo 260 haziwezi kutosha wanaotaka 500. Mara nyingi ni foleni. Anayelipa 1,800 baada ya kusimama saa tatu amelipa 1,800 na saa tatu. Kibarua anayelipwa kwa siku anajua saa hizo zina thamani gani. Mahali pengine ni kujuana: sukari ipo, lakini ni ya wateja wa siku zote, na mgeni anaambiwa arudi kesho.

Njia ya tatu ni ya ujanja zaidi. Muuzaji anakubali bei ya serikali, ila hauzi sukari peke yake. Ukitaka kilo, chukua na pakiti mbili za majani ya chai ambazo hazitoki. Mkaguzi akija, bei ya sukari ni halali kabisa. Mwisho kuna vipimo: kilo inayopimwa kwa kopo inaweza kupungua gramu mia bila mtu kugundua, na fungu la nyanya limeshatufundisha kwamba bei inaweza kupanda huku namba ikibaki palepale.

Watanzania wenye umri mkubwa hawahitaji jedwali kuyaamini haya. Tangu sheria ya mwaka 1973 iliyounda Tume ya Taifa ya Bei, serikali ilipanga bei za bidhaa nyingi za viwandani, kuanzia sabuni hadi baiskeli. Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya vita vya Kagera na bei ya mafuta kupaa duniani, viwanda vilikosa fedha za kigeni za kununulia malighafi na uzalishaji ukaporomoka. Bei za tume zilibaki chini, bidhaa zikahama kutoka kwenye rafu za maduka ya ushirika kwenda mikononi mwa walanguzi. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi; maghala yalipekuliwa na wengi walikamatwa. Bidhaa zilizofichwa zilionekana, lakini viwanda vilikuwa bado havina malighafi, na rafu hazikujaa. Zilianza kujaa baada ya bajeti ya 1984, serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa na kuziuza kwa bei ya soko.

Je, wafichaji hawana hatia?

Mwezi Mei 2016, kama mwaka 1983, lawama ziliangukia wafichaji. Rais aliwaonya wafanyabiashara, vyombo vya dola vikakagua maghala, na baadhi yalikutwa na maelfu ya tani. Baadhi ya wenye mali walijitetea kuwa ule ulikuwa mzigo wa kawaida uliosubiri kusafirishwa mikoani.

Mwanafunzi asilipuuze jambo hili wala asilifanye jibu zima. Kuficha kunatokea kweli. Ukiamini kwamba bei itapanda mwezi ujao, kila gunia unalolizuia leo ni faida ya kesho. Lakini kipimo kipo. Tatizo likiwa ni kuficha tu, ghala zikifunguliwa bei hushuka na hukaa chini, kwa sababu sukari ilikuwepo. Tatizo likiwa ni uhaba, ghala zikifunguliwa bei hupumua siku chache kisha hupanda tena. Mwaka ule serikali yenyewe iliishia kuagiza sukari kutoka nje, zipatazo tani 70,000, na usagaji wa msimu mpya ulipoanza hali ikatulia pole pole.

Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kuandika lolote ni hili: bei imepanda kwa nini? Kama imepanda kwa sababu bidhaa ni chache, agizo la bei halitaongeza hata punje moja. Kama imepanda kwa sababu wauzaji wachache wamekubaliana kuitoza zaidi ya gharama na faida ya haki, agizo linaweza kushusha bei bila kuleta upungufu, mradi lisivuke mpaka wa gharama.

Mfano wa hili la pili unaonekana kwenye kila kituo cha mafuta nchini. EWURA hutangaza bei kikomo ya petroli, dizeli na mafuta ya taa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Bei hiyo haitoki hewani. Inaanza na gharama ya mafuta katika soko la dunia na usafiri wa meli, inaongezewa kodi na tozo, gharama za bandari na maghala, kisha faida iliyokubaliwa kwa muuzaji wa jumla na wa rejareja, na nauli ya lori. Ndiyo maana bei ya Kigoma huzidi ya Dar es Salaam. Kikomo kinapanda dunia ikipanda na kinashuka ikishuka, kwa hiyo muuzaji kwa kawaida anarudisha gharama yake.

Hata hivyo kikomo hicho kina mahali kinapouma. Agosti 2011 EWURA iliposhusha bei kwa kiwango kikubwa kwa mkupuo, kampuni za mafuta zilidai watauza kwa hasara, vituo vingi vikaacha kuuza, na Dar es Salaam ikakaa siku kadhaa kwenye foleni za madumu. Na kwa kuwa kila mtu anaijua Jumatano ya mabadiliko, mwenye kituo anayehisi bei inapanda anashawishika kuanza kusema "hakuna mafuta" mapema. Mwaka 2023 EWURA ilivifungia vituo kadhaa kwa kosa hilo la kuhodhi.

Unga wa shilingi 90

Kuna serikali zinazoshusha bei kwa njia nyingine, nayo ni kulipa tofauti. Mwaka 2017 Kenya ilikumbwa na ukame, na viwavijeshi vamizi vilivyokuwa vimeingia Afrika Mashariki vilishambulia mahindi. Bei ya pakiti ya unga ya kilo 2 ilipanda sana, miezi michache kabla ya uchaguzi wa Agosti. Mwezi Mei serikali ikaanza kuwauzia wasagaji mahindi kwa shilingi 2,300 za Kenya kwa gunia la kilo 90, chini ya bei ya soko, kwa sharti kwamba pakiti iuzwe shilingi 90. Meli yenye mahindi meupe kutoka Mexico ikatia nanga Mombasa.

Tofauti na agizo la sukari ni kubwa. Hapa msagaji hakuambiwa auze chini ya gharama yake. Gharama yake ndiyo iliyoshushwa, na mlipa kodi akabeba tofauti. Ugavi ukaongezeka kidogo kwa mahindi ya meli. Lakini upande wa mahitaji ulikuwa uleule: kwa shilingi 90 kila mtu alitaka unga, na wengi walitaka wa wiki mbili zijazo. Supamaketi zikaweka masharti ya pakiti mbili kwa mteja, na rafu za unga wa bei nafuu zilikuwa tupu mara nyingi huku unga wa bei ya kawaida ukiwa haupatikani kirahisi. Ruzuku ilikuwa ya kila mtu, tajiri na maskini, na anayewahi ndiye aliyeipata. Mwaka 2022 pakiti ilishushwa tena, safari hii hadi shilingi 100, wiki chache kabla ya uchaguzi mwingine. Ruzuku hiyo nayo haikudumu. Serikali mpya iliiondoa ndani ya mwaka huohuo.

Sehemu ya (b): korosho za Mtwara

Sehemu ya pili ya swali inageuza mambo. Sasa serikali inamlinda mkulima kwa kusema bei isishuke. Rudi kwenye jedwali na weka sakafu ya shilingi 3,000. Wauzaji wanaleta kilo 440, wanunuzi wanataka 320. Zinabaki kilo 120 bila mwenyewe. Agizo la bei ya juu huleta upungufu. Agizo la bei ya chini, likiwa juu ya msawazo, huleta ziada, na lazima apatikane wa kuibeba.

Oktoba 2018 minada ya korosho Mtwara na Lindi ilifunguliwa kwa bei iliyowaudhi wakulima. Msimu uliotangulia kilo ilipita shilingi 4,000 katika baadhi ya minada. Sasa wanunuzi walitoa kati ya 1,900 na 2,700 hivi, kwa kuwa bei ya dunia ilikuwa imeshuka. Wakulima wakakataa kuuza. Serikali ikawataka wanunuzi wapandishe hadi 3,000 angalau. Wanunuzi wakasuasua, na Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, na malori ya Jeshi la Wananchi yakaingia kazini kuzisomba.

Kwa mkulima aliyelipwa upesi, 3,300 ilikuwa neema. Lakini bei ya soko la dunia haikubadilika kwa tangazo la Dodoma wala la Mtwara. Serikali ilishika mzigo mkubwa wa kuutafutia mnunuzi, na mkataba uliosainiwa na kampuni moja ya Kenya mapema 2019 haukutekelezwa. Malipo kwa wakulima wengi yalichukua miezi, kwa sababu uhakiki ulihitajika.

Uhakiki huo ndio ulifichua upande wa pili wa sakafu. Kusini kuna biashara iitwayo kangomba: mchuuzi hununua korosho kimyakimya kutoka kwa mkulima mwenye shida ya fedha, mara nyingi kabla ya msimu na kwa bei ya chini sana. Serikali ilipotangaza 3,300, mwenye kangomba alitaka kuziuza kama zake za shamba. Ndiyo maana waliopeleka zaidi ya kilo 1,500 walitakiwa kuthibitisha mashamba yao. Sukari ya 1,800 ilipotea nyuma ya duka kwa sababu bei ya agizo ilikuwa chini. Korosho za 3,300 zilijitokeza kutoka kila kona kwa sababu bei ya agizo ilikuwa juu.

Sehemu ya (c): ushauri

Mwanafunzi aliyefika hapa hawezi tena kuandika kwamba serikali iache soko, wala kwamba iwakamate wafanyabiashara, akadhani amemaliza. Ushauri wenye alama unaanza na chanzo. Mafuta yanayoagizwa na kampuni chache yanastahili kikomo kinachofuata gharama. Familia isiyomudu unga inasaidiwa vizuri zaidi kwa fedha au chakula kinachoifikia yenyewe kuliko kwa pakiti nafuu inayogombaniwa na wote. Na bidhaa inayoadimika kila masika inahitaji kuwepo ghalani kabla ya mvua.

Tukio la karibuni linatoa mfano kamili wa kujaribia hoja hizo. Mvua za El Nino mwishoni mwa 2023 zilifurika mashamba ya miwa na viwanda vikapunguza au kusimamisha usagaji katika miezi ambayo kwa kawaida husaga kwa nguvu. Januari 2024 Bodi ya Sukari ilitangaza bei kikomo ya rejareja kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kulingana na eneo. Kama jedwali linavyotabiri, sehemu nyingi kilo iliuzwa zaidi ya 4,000, na bei ilianza kulegea sukari ya kuagiza ilipoingia. Katikati ya mwaka huo Bunge lilibadilisha sheria ili Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, aliyezoeleka kwa mahindi, aweze pia kununua, kuagiza na kuhifadhi sukari.

Wazo la akiba ni kununua wakati wa wingi na kuachia wakati wa uhaba, yaani kuhamisha mstari wa ugavi badala ya kuiwekea bei kamba. Wenye viwanda walipinga, na hoja yao inastahili aya nzima katika jibu. Meli ya sukari ya nje ikichelewa na kutia nanga Julai, wakati mitambo ya Kilombero na Kagera inasaga mchana na usiku, itashusha bei ya kiwandani katika msimu ambao kiwanda kinategemea kulipa wakulima wa miwa na mikopo ya benki. Miaka michache ya namna hiyo na kiwanda kitaahirisha upanuzi wake, na pengo la masika litazidi kupanuka. Kwa hiyo mwanafunzi anayependekeza akiba aandike pia kiasi gani kihifadhiwe, kiingie nchini mwezi gani, kitolewe bei ikifika wapi, na nani atakayebeba hasara ya sukari itakayoganda ghalani mwaka ambao mvua hazikuzidi.